Vidhibiti vyote vya mtambo tulivu kupitia kigezo kimoja huru Q: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza udhibiti karibu yote yana sura moja. "Nimefunga kidhibiti cha PI kwenye oveni, nabadilisha namba moja joto linayumba, nabadilisha nyingine linachelewa. Nitajuaje namba ipi iko salama?" Mwingine huuliza: "Nimepata kidhibiti kinachotuliza mtambo. Je, kuna kingine kilicho bora zaidi, na nitakitafutaje bila kuharibu utulivu?"

Maswali haya mawili yana jibu moja. Kama mtambo wako unatulia wenyewe, yaani ukiupa nguvu isiyobadilika unafika mahali na kukaa, basi vidhibiti vyote vinavyoweza kuutuliza huandikwa kwa fomula moja yenye kigezo kimoja kilicho huru, tunachokiita Q. Chagua Q yoyote iliyo tulivu na kitanzi, yaani mtambo na kidhibiti vikiwa vimeunganishwa, kitatulia. Hakuna kidhibiti cha mstari kinachotuliza mtambo huo kilichobaki nje ya orodha hiyo. Jina la mtafiti Youla limeshikamana na wazo hili kwa sababu ya kazi yake na wenzake ya mwaka 1976, na Kučera alilifikia kwa njia yake mwenyewe miaka hiyohiyo.

Hapa nitafanya mfano mmoja kuanzia jaribio hadi programu: oveni ya kuoka mikate inayopashwa kwa hita za umeme.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na mtambo unaotulia wenyewe. Oveni, tangi la maji ya moto, feni, mota inayodhibitiwa mwendo, vyote vinafaa. Kina cha maji kwenye tangi lenye pampu ya kutoa hakifai, kwa sababu maji yakizidi kuingia kina kinapanda tu bila kukaa mahali. Drone inayoelea haifai pia. Hiyo ina fomula yake nyingine, pana zaidi, na ukiitumia hii ya hapa utaharibu kazi.

Uwe na njia ya kurekodi joto na nguvu ya hita kila baada ya sekunde 10 hivi, kompyuta yenye Python, na ruhusa ya kubadilisha nguvu kwa mkono kwa muda wa nusu saa kwa kila jaribio. Kwenye hesabu, inatosha kuwa umewahi kuona fomula za mitambo zikiandikwa kwa herufi s.

Nadharia, kidogo tu

Tuite mtambo P na kidhibiti C. Joto linalotakiwa ni r, joto halisi ni y, na nguvu ya hita ni u. Kidhibiti cha kawaida hupokea kosa, r − y, na kutoa u.

Sasa kipange hivi. Ndani ya kidhibiti weka modeli ya mtambo, ipewe u ileile inayopewa oveni. Toa jibu la modeli kwenye joto halisi. Kinachobaki ni kile ambacho modeli haikukitarajia: mlango uliofunguliwa, umeme uliopungua nguvu, mikate mibichi iliyoingizwa. Kiite d. Kisha u inapatikana kwa kupitisha r − d ndani ya Q. Ukiyakunja haya yote kuwa kidhibiti kimoja unapata:

```
C = Q / (1 - P Q)
```

Na njia zote nne muhimu za kitanzi zinakuwa hivi:

```
r hadi y                   :  P Q
r hadi u                   :  Q
usumbufu wa joto hadi y    :  1 - P Q
usumbufu wa nguvu hadi y   :  P (1 - P Q)
```

Zitazame vizuri. Hakuna sehemu ya chini yenye Q. Kuna kuzidisha na kutoa tu, na vitu tulivu vikizidishwa au kutolewa vinabaki tulivu. Kwa hiyo P tulivu na Q tulivu zinatoa kitanzi tulivu, bila sharti jingine. Upande wa pili, chukua kidhibiti chochote C ambacho tayari kinatuliza. Njia yake ya kutoka r hadi u ni C/(1 + PC), nayo ni tulivu kwa sababu kitanzi kimetulia. Hiyo ndiyo Q yake. Ndiyo maana tunasema orodha ina vyote.

Faida yake ni hii. Ukichukua vidhibiti viwili vinavyotuliza ukavitafutia wastani, hakuna anayekuhakikishia kwamba wastani huo utatuliza. Ukichukua Q mbili tulivu, wastani wake ni tulivu daima, na mwenendo wa kitanzi unakuwa wastani kamili wa mienendo miwili. Kutafuta kidhibiti bora kunageuka kuwa kutembea kwenye uwanja wazi usio na shimo la kutumbukia.

Hatua ya 1: Pima mtambo

Iache oveni itulie kwenye nguvu moja. Yangu ilikuwa 40%, joto limekaa nyuzi 110. Panda ghafla hadi 50% na usiguse kitu. Rekodi.

Nilichokiona: sekunde 40 za mwanzo kihisi hakikuonyesha mabadiliko yoyote. Kisha joto likaanza kupanda kwa kasi, likapungua kasi taratibu, likaishia nyuzi 130. Nyuzi 20 kwa ongezeko la 10% ni nyuzi 2 kwa kila asilimia moja, nayo tuite K. Tafuta sasa ni lini joto lilipita 63% ya safari, yaani nyuzi 122.6. Ilikuwa sekunde ya 340 tangu nilipopandisha nguvu. Toa zile 40 za kimya, inabaki 300. Huo ndio muda wa mtambo, T, na zile 40 ni ucheleweshaji, L.

```
P(s) = 2 e^(-40s) / (300s + 1)
```

Tahadhari: usikatishe jaribio kwa sababu joto "limekaribia" kutulia. Baada ya T moja umefika 63%, baada ya T tatu ni 95%. Hapa unahitaji angalau dakika 20. Anayekatisha mapema hupata K ndogo na T fupi, halafu makosa hayo mawili yanamfuata hadi mwisho.

Rudia jaribio ukishuka kutoka 50% hadi 40%, na mara nyingine oveni ikiwa na mzigo. Namba zitatofautiana. Usizitupe, tutazitumia kwenye hatua ya 5. Kwenye mfano huu tuseme K inaweza kuzidi kwa 30% na ucheleweshaji unaweza kukosewa kwa sekunde 25.

Hatua ya 2: Tenga kinachogeuzika na kisichogeuzika

Kama Q ingekuwa kinyume kamili cha P, basi PQ ingekuwa 1 na oveni ingetii papo hapo. Haiwezekani, kwa sababu kinyume cha sekunde 40 za kusubiri ni kujua joto la sekunde 40 zijazo. Sehemu ya e^(-40s) iache ilivyo. Sehemu ya 2/(300s + 1) inageuzika, na kinyume chake ni (300s + 1)/2.

Kosa la kawaida hapa ni kugeuza kila kitu. Kama mtambo wako una tabia ya kwenda kinyume kwanza kabla ya kufuata, yaani sehemu ya juu ya P ina kitu kama (1 − 20s), nayo usiigeuze. Ukiigeuza Q yako itakuwa na (1 − 20s) chini, haitakuwa tulivu tena, na ahadi yote imevunjika.

Hatua ya 3: Ongeza chujio, upate Q ya kwanza

(300s + 1)/2 peke yake ingeidai hita nguvu isiyo na kikomo kila kihisi kinapotikisika. Izidishe kwa chujio lenye muda λ, yaani 1/(λs + 1):

```
Q(s) = (300s + 1) / (2 (λs + 1))
PQ   = e^(-40s) / (λs + 1)
```

λ ndiyo namba yako ya kuchagua. Ni kasi unayotaka kitanzi kiwe nayo, kwa sekunde. Ndogo ni haraka, kubwa ni taratibu. Kumbuka kwamba utulivu hauko hatarini kwa λ yoyote maadamu modeli ni sahihi. Kinachopunguza uhuru wako ni hita na makosa ya modeli.

Anza na hita. Joto linalotakiwa likipandishwa ghafla kwa nyuzi 20, nguvu inaruka papo hapo kwa 300/(2λ) mara 20. Kwa λ = 100 ni 1.5 mara 20, yaani 30%. Kutoka 40% unafika 70%, hita inaweza. Kwa λ = 40 ni 3.75 mara 20, yaani 75%, na kutoka 40% unataka 115%. Hakuna hita ya 115%. Kwa hiyo nachukua λ = 100.

Hakikisha pia Q(0) mara P(0) ni 1 kamili. Hapa Q(0) = 1/2 na P(0) = 2, tuko sawa. Sharti hilo linafanya 1 − PQ kuwa sifuri kwa usumbufu usiobadilika, kwa hiyo kosa la kudumu linaisha. Kazi ambayo kwenye PI inafanywa na herufi I, ile ya kujumlisha kosa, hapa inafanywa na sharti hili.

Kama kifaa chako kinakubali namba za PI tu, unaweza kuishia hapa. Ukikadiria e^(-40s) kuwa 1 − 40s, fomula ya C inageuka kuwa PI yenye ukuzaji wa 300/(2(λ + 40)), yaani 1.07% kwa kila nyuzi, na muda wa kujumlisha wa sekunde 300. Ziingize kwenye kifaa. Kwa oveni nyingi inatosha kabisa. Lakini soma hatua ya 4 kwanza ujue unaacha nini.

Hatua ya 4: Rekebisha Q kwa ajili ya usumbufu wa nguvu

Hapa ndipo watu wengi huachwa njiani, na ndipo uhuru wa Q unapoonyesha thamani yake.

Tazama tena njia ya nne: P(1 − PQ). Sehemu ya chini ya P, ile 300s + 1, bado imo. Kwa upande wa joto linalotakiwa tuliifuta, lakini usumbufu unaoingia pamoja na nguvu unaiamsha. Maana yake ni kwamba hata ukichagua λ ndogo kiasi gani, oveni itajirudisha kwa mwendo wake wa asili wa sekunde 300.

Tupime. Umeme unapungua nguvu, hita zinapoteza kiasi sawa na 5%. Bila udhibiti joto lingeshuka nyuzi 10. Kwa Q ya hatua ya 3 joto linashuka nyuzi 2.7, jambo zuri, lakini dakika 10 baada ya umeme kushuka bado limepungua nyuzi 1.1. Linatambaa. Anayeangalia grafu anadhani λ ni kubwa mno, anaipunguza, na mkia uko palepale.

Dawa yake ni kuifanya 1 − PQ iwe na sifuri mahali palepale penye tatizo, s = −1/300, ili mkia ufutwe. Tunahitaji herufi moja zaidi kwenye Q:

```
Q(s) = (300s + 1)(βs + 1) / (2 (λs + 1)^2)
β    = T [1 - (1 - λ/T)^2 e^(-L/T)]
```

Fomula ya β haikutoka hewani. Ni sharti la 1 − PQ = 0 pale s = −1/T, limeandikwa upya. Kwa λ = 100 mabano yanatoa (2/3) kwa kipeo cha pili, yaani 0.444, mara 0.875, sawa na 0.389. Moja kutoa hiyo ni 0.611, mara 300 ni sekunde 183.3.

Rudia jaribio la umeme. Sasa joto linashuka nyuzi 2.1 badala ya 2.7, na baada ya dakika 10 limebaki pungufu kwa nyuzi 0.13 tu, badala ya 1.1. Mkia umekatika, na λ haijaguswa.

Bei yake iko sehemu mbili. Kwanza, Q ya masafa ya juu imepanda kutoka 1.5 hadi 2.75, kwa hiyo kelele ya kihisi inafika kwenye hita ikiwa kubwa karibu mara mbili. Kihisi kinachotikisika nusu nyuzi kinatikisa hita kwa 1.4%. Pili, ukibadilisha joto linalotakiwa, oveni itapitiliza kwa 9%. Hii ya pili inaondoka kirahisi: pitisha r kwenye chujio la 1/(βs + 1) kabla haijaingia. Kwa nyuzi 20 zilezile, nguvu sasa inapanda polepole hadi karibu 54.5% kisha inarudi 50%, hakuna kupitiliza, na kwenye dakika ya 10 joto limefika, pungufu ya nusu nyuzi tu.

Usiweke chujio hilo baada ya kutoa d. Likae kwenye r peke yake. Ukilikosea mahali, umelifuta lile ulilolijenga kwa β.

Hatua ya 5: Jaribu modeli ikiwa na makosa

Utulivu tuliouahidi unasimama juu ya modeli sahihi. Oveni yako si modeli. Kosa la modeli, kama sehemu ya modeli yenyewe, liite D. Kitanzi kinabaki tulivu kama ukubwa wa PQ mara D uko chini ya 1 kwa masafa yote. Kwa kuwa PQ ni kitu ulichokichagua mwenyewe, jaribio ni mistari michache:

```python
import numpy as np
w = np.logspace(-4, 0, 4000)
s = 1j*w
for lam in (100, 60, 40):
    beta = 300*(1 - (1 - lam/300)**2*np.exp(-40/300))
    PQ = np.exp(-40*s)*(beta*s + 1)/(lam*s + 1)**2
    D = 1.3*np.exp(-25*s) - 1
    print(lam, round(beta, 1), round(np.max(abs(PQ*D)), 2))
```

1.3 ni K iliyozidi kwa 30%, 25 ni kosa la ucheleweshaji. Kwa λ = 100 jibu ni takriban 0.5, kwa 60 ni 0.91, kwa 40 ni 1.47. Ya kwanza ina nafasi ya kupumua. Ya pili inapita lakini imebana, na joto litayumba kabla ya kutulia. Ya tatu haina dhamana. Jaribio hili ni kali, kwa hiyo kuzidi 1 si uthibitisho kwamba oveni halisi itayumba bila kukoma, ila hapo huna tena ushahidi wa kuniambia haitayumba, na mimi singeiwasha mbele ya mikate ya mtu.

Kosa ninaloliona karibu kila kazi ya mwanafunzi: anaiga mtambo kwenye kompyuta kwa kutumia namba zilezile za modeli, grafu inatoka safi kwa λ = 5, anafurahi. Lazima itoke safi, kwa sababu modeli na mtambo ni kitu kimoja na d ni sifuri daima. Kwenye uigaji wako mpe mtambo K ya 2.6 na ucheleweshaji wa sekunde 65, modeli ibaki na 2 na 40.

Hatua ya 6: Andika programu

Usikokotoe C = Q/(1 − PQ) kama fomula moja ndefu. Ina ucheleweshaji ndani yake, na kuirahisisha kwa mkono huleta makosa. Ipange vilevile tulivyoieleza: modeli, kutoa, Q. Kila sekunde 10 ita kazi hii:

```python
from math import exp
K, T, L, lam, beta, h = 2.0, 300.0, 40.0, 100.0, 183.3, 10.0
a, b, c = exp(-h/T), exp(-h/lam), exp(-h/beta)
foleni = [0.0]*(round(L/h) + 1)
ym = rf = x1 = x2 = 0.0

def hatua(r, y):
    global ym, rf, x1, x2
    ym = a*ym + K*(1 - a)*foleni.pop(0)     # modeli
    rf += (1 - c)*(r - rf)                  # chujio la r
    v = rf - (y - ym)                       # r - d
    p = (T/lam)*v + (1 - T/lam)*x1          # Q, sehemu ya 1
    x1 += (1 - b)*(v - x1)
    q = (beta/lam)*p + (1 - beta/lam)*x2    # Q, sehemu ya 2
    x2 += (1 - b)*(p - x2)
    u = min(60.0, max(-40.0, q/K))          # ukomo wa hita
    foleni.append(u)
    return u
```

Namba zote humu ni tofauti kutoka mahali ulipoanzia. r na y ni nyuzi ukishatoa 110, na u ni asilimia ukishatoa 40. Ndiyo maana ukomo ni −40 na 60: hita haiendi chini ya 0% wala juu ya 100%. Ukiingiza y = 110 badala ya y = 0, programu itadhani kuna usumbufu wa nyuzi 110 na itazima hita papo hapo.

Foleni ina nafasi 5, si 4, kwa sababu u ya sasa inaanza kuonekana kwenye modeli kuanzia hatua inayofuata, juu ya zile 4 za ucheleweshaji.

Mstari wa `foleni.append(u)` uko baada ya ukomo, na hapo usipasogeze. Mara yangu ya kwanza niliiwekea foleni thamani kabla ya kukatwa. Asubuhi oveni ikiwa baridi, hesabu ilitaka asilimia 130, hita ikatoa 100, modeli ikaamini 130. Modeli ikapanda haraka kuliko oveni, tofauti ikaonekana kama usumbufu mkubwa wa baridi, programu ikazidi kusukuma. Joto lilipofika lilipotakiwa halikusimama, na trei mbili za kwanza ziliungua juu zikiwa mbichi ndani. Modeli ikipewa nguvu ile hasa iliyofika kwenye hita, tatizo hilo halizaliwi, na huhitaji mbinu ya ziada ya kuzuia kujilimbikiza kama kwenye PI.

Hatua ya 7: Washa kwa uangalifu

Itulize oveni kwa mkono kwenye 40% na nyuzi 110. Iendeshe programu ikiwa inasoma tu, bila kuigusa hita, na weka u ya kweli kwenye foleni. Rekodi y − ym, ile d. Ikae karibu na sifuri kwa dakika kadhaa. Ndipo ukabidhi hita. Badilisha r kwa nyuzi 5 kwanza, si 20.

Ikiwa mambo hayaendi

Grafu ya kwanza kuitazama ni d, si joto. Modeli sahihi haina sababu ya kutoa d kwa vile tu umebadilisha r. Kama d inatikisika kila unapobadilisha r, kosa liko kwenye modeli, na sura ya d inakwambia kosa gani. Ukipandisha r, d ikishuka kisha ikarudi sifuri yenyewe, ucheleweshaji wa kweli, au T, ni mrefu kuliko ulioandika, na ikipanda kwanza ni mfupi. Ikihama na kukaa mahali papya, K ndiyo mbaya. Kwa mfano, K ya kweli ikiwa 2.4 na modeli ina 2, ukiomba nyuzi 20 hita itaishia 8.3% juu na d itakaa kwenye nyuzi 3.3. Gawanya 3.3 kwa 8.3 unapata 0.4, ndiyo ya kuongeza kwenye K.

Joto linatulia lakini si pale ulipotaka. Watu hukimbilia kuilaumu K, lakini K isiyo sahihi haileti kosa la kudumu. Kinachotakiwa ni Q(0) mara K ya modeli kuwa 1, si K ya oveni. Tafuta mambo mawili: hita imegonga ukomo na haina nguvu zaidi ya kutoa, au umerekebisha K sehemu moja ya programu na ukaisahau nyingine.

Joto linayumba bila kukoma. Ongeza λ mara mbili na ukokotoe β upya, usiiache ya zamani. Likitulia, rudi hatua ya 1 ukapime ucheleweshaji upya, hasa kama kihisi kilihamishwa. Themokapo iliyoingizwa kwenye ala nene ya chuma inaweza kuongeza sekunde nyingi za kimya ambazo hazikuwepo ulipopima.

Hita inatetemeka ingawa joto limetulia. Hiyo ni kelele ikizidishwa na 2.75. Pima kwanza kihisi oveni ikiwa imezimwa na ubaridi umetulia. Kama kinatikisika hata hapo, rekebisha nyaya na kinga yake. Kama kelele haiondoki, ongeza (λs + 1) ya tatu chini ya Q na kwenye fomula ya β badilisha kipeo cha pili kiwe cha tatu. Utapoteza kasi kidogo, na ile 1.3 na 25 za hatua ya 5 zijaribu upya kwa PQ mpya.

Usumbufu unaisha kwa mkia mrefu hata baada ya β. Linganisha T ya modeli na T ya kweli. β inafuta mkia wa sekunde 300 pekee. Oveni ikijaa mikate T inaweza kufika 400, na mkia wa 400 unabaki. Ukipima mara mbili, tupu na imejaa, weka seti mbili za T na β kwenye programu, a na c zikokotolewe upya kutoka kwazo, na mwokaji achague kabla ya kuingiza trei. Lakini afanye hivyo joto likiwa limetulia, na ym na x1 na x2 ziachwe na thamani zilizo nazo, la sivyo u itaruka wakati wa kubadilisha.